Tangazo langu la tuisheni linaleta simu, wanafunzi hawaji

Shikamoo mama mshauri. Mimi ni mwalimu wa kiume, miaka 30, naishi Mkolani hapa Mwanza na mke wangu na mtoto wetu mmoja. Nina shahada ya ualimu wa Hisabati na Fizikia. Nilifundisha miaka mitatu kwenye sekondari moja ya binafsi mpaka mkataba ukaisha, tukaagana vizuri. Ajira ya serikali bado nasubiri, kwa hiyo tunakula kwa tuisheni ya majumbani. Tangazo langu liko kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye stesheneri za Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa. Linasema hivi:

"TUISHENI! TUISHENI! TUISHENI! Mwalimu mbobezi na mzoefu anafundisha masomo yote kuanzia chekechea hadi kidato cha sita. Matokeo ya uhakika asilimia 100. Bei nafuu, maelewano yapo. Nafika popote Mwanza. Nafasi ni chache, wahi sasa!"

Kwa wiki tatu nimepigiwa simu kumi na nne, nimepata wanafunzi wawili, wote wa Jumatatu na Jumatano. Mmoja alipiga kutoka Kisesa akitaka Kemia ya kidato cha sita. Mama mwingine alitaka mtu wa kumfundisha mtoto wa darasa la pili kusoma. Baba mmoja wa Nyegezi aliniuliza, "Sasa mwalimu, nitakujuaje kama ni mtu wa kuaminika, nina mabinti nyumbani?" Nikababaika, akakata simu. Mke wangu anasema nipunguze masomo kwenye tangazo. Kaka yangu anasema mwenye njaa hachagui, nikipunguza nitakosa hata hao wachache. Bei nayo sijui niiandike au niiache. Nawachaji shilingi 80,000 kwa mwezi, vipindi vinane vya saa moja na nusu. Nisaidie mama.

Mwalimu wa Jioni, Mkolani

*

Marahaba mwalimu, poleni na mke wako kwa kusubiri.

Nianze na hesabu ya kaka yako, maana ndiyo inayokutia hofu. Anadhani kila somo unaloongeza kwenye karatasi ni mlango mwingine wa kuingilia mteja. Sasa chukua zile simu kumi na nne uzipange. Ya Kisesa usingeipokea hata kama ungekuwa unafundisha Kemia, kwa sababu kutoka Mkolani mpaka kule ni mbali, na jioni yako yote imeishia njiani. Ya darasa la pili ni kazi ya mwalimu aliyesomea kufundisha herufi na silabi, na hiyo ni fani ya watu. Simu hizo umezihesabu kama wateja uliowakosa. Mimi naziona kama watu waliopoteza vocha kwa sababu tangazo liliwaambia kitu ambacho si kweli. Swali la kujiuliza ni lingine: je, mzazi wa Buhongwa mwenye kijana wa kidato cha tatu anayepata F ya Hisabati, alipoliona tangazo lako, alijua kwamba linamhusu? Nadhani alilipita. Aliona "masomo yote" akajisemea, huyu ni wale wale.

Mzazi halisomi tangazo, analipitia kwa jicho. Kwenye kundi la WhatsApp lenye ujumbe mia kwa siku, kabla hajalifungua anaona mstari wa kwanza tu, na ujumbe ukiwa mrefu simu inaukata katikati. Wewe mstari huo umeutumia kuandika neno moja mara tatu. Badala yake weka pale somo, darasa na eneo. Kwa mfano: "Hisabati na Fizikia, kidato cha 1 hadi 4, nakuja nyumbani: Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa." Hata asipoendelea kusoma, ameshajua kama unamfaa. Na maeneo hayo manne yako kwenye barabara moja ya daladala, kwa hiyo unaweza kutoka nyumba moja kwenda nyingine bila kuchelewa. "Nafika popote Mwanza" inamwambia mzazi kwamba hujapiga hesabu ya safari, na mwalimu asiyepiga hesabu ya safari huchelewa.

Kuhusu masomo, usiishie kwenye majina. Mzazi wa sekondari ana wasiwasi mmoja ambao matangazo mengi hayaugusi, nao ni lugha. Mtoto alisoma msingi kwa Kiswahili, amefika kidato cha kwanza karibu kila kitu ni Kiingereza, na mara nyingi anashindwa swali la Fizikia kwa kutolielewa sentensi kabla hata ya kufika kwenye fomula. Kama ndivyo unavyofundisha, andika: "Naeleza kwa Kiswahili, mazoezi na majibu tunaandika kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka." Mstari huo unaonyesha kwamba unalijua darasa. "Mbobezi" haionyeshi chochote, kila mtu anaweza kujiandikia.

Taja pia mitihani ambayo mzazi anaiwaza: upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne. Hapo kwenye Fizikia kuwa mkweli. Kidato cha nne kina karatasi ya vitendo inayofanyika maabara, na wewe huwezi kubeba maabara kwenye begi. Unachoweza kufanya sebuleni ni kumzoesha mtoto kupanga jedwali la vipimo, kuchora grafu, kutafuta mteremko wake na kuandika hitimisho. Sema hivyo hivyo. Utaona kama unajipunguzia sifa, lakini mzazi akiona mwalimu anataja asichoweza, anaanza kuamini vile alivyosema anaviweza.

Sasa ratiba. "Nafasi ni chache, wahi sasa" haina maana kwa mtu asiyejua ni nafasi ngapi na za lini. Kaa na daftari uhesabu. Vipindi viwili kwa jioni moja vinawezekana: cha kwanza saa 10 na nusu hadi saa 12 jioni, nusu saa ya kusafiri, cha pili saa 12 na nusu hadi saa 2 usiku. Kila mwanafunzi unamfundisha mara mbili kwa wiki, ndiyo vile vipindi vinane vya mwezi. Jumatatu na Jumatano zimejaa, una watoto wawili. Zimebaki Jumanne na Alhamisi, yaani familia mbili tu, na kama unataka, Jumamosi asubuhi kwa anayehitaji kipindi kimoja kirefu. Kwa hiyo nafasi zako kweli ni chache, ila hukuwahi kuzitaja. Andika "Nafasi wazi: Jumanne na Alhamisi, familia mbili", na ikijaa moja ubadilishe siku hiyo hiyo.

Kuna mtego mdogo kwenye saa. Wanafunzi wa kidato cha nne mara nyingi hubaki shuleni kwa masomo ya ziada, wanafika nyumbani jua likielekea kuzama. Kipindi cha saa 10 na nusu kitawafaa zaidi wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, na kile cha usiku kibaki kwa wa mtihani. Na kila unapoandika saa, weka neno jioni au usiku mbele yake. Wazazi wengine huisoma saa kama simu inavyoionyesha, na "saa 11:00" peke yake inaweza kueleweka kuwa asubuhi.

Nije kwa yule baba wa Nyegezi, maana naona ndiye aliyekuumiza. Usimchukulie kama mtu aliyekudharau. Mwanaume mgeni anaingia nyumbani kwake jioni kukaa na binti yake, asipouliza yeye nani atauliza? Alichotaka ni kitu cha kushika, kitu anachoweza kukihakiki bila kukutegemea wewe. Jiwekee kipimo hiki kwa kila neno la sifa: je, mzazi anaweza kulithibitisha? Lisipothibitika, lifute.

Shahada inathibitika. Andika masomo uliyosomea na mwaka uliohitimu, kisha sema "vyeti halisi nakuja navyo siku ya kwanza". Picha ya cheti usiibandike kwenye makundi. Ina namba zako, na watu wa kuitumia vibaya hawakosekani. Namba ya NIDA ndiyo usiiandike kabisa. Kitambulisho kionyeshe mkononi, mzazi akisome, ukirudishe mfukoni.

Jina lako linathibitika kwa njia ambayo pengine hukuifikiria. Wazazi wengi wakipata namba ya mtu wasiyemjua huanza kama wanaitumia pesa, ili waone jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kama tangazo linasema "Mwalimu Mbobezi" na simu inaonyesha jina la mtu mwingine, umeshapotea. Andika majina yako mawili yale yale yaliyosajiliwa kwenye laini hiyo. Kama laini ni ya mke wako, badilisha laini, usibaki kuwaeleza watu.

Serikali ya mtaa nayo itakusaidia. Nenda ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa wako uombe barua ya utambulisho, ueleze ni ya kazi gani. Barua haisemi kwamba wewe ni malaika, lakini inasema unajulikana unapoishi, na mzazi anayo ofisi ya kwenda kuuliza.

Halafu wale wazazi wawili ulio nao. Waombe ruhusa, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba mzazi mpya akitaka kuuliza umpe namba. Wakikubali, andika "wazazi wawili wako tayari kuulizwa", basi. Namba zao zisiingie kwenye tangazo. Na nakusihi usiweke picha ya mtoto, jina lake wala alama zake, hata kama ametoka mkiani akashika nafasi ya tatu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, mzazi anayeona umemwanika mtoto wa mwenzake anajua wa kwake atafuata.

Mwisho kwenye hilo la kuaminika, weka kanuni yako ya kufundishia: sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima akiwa nyumbani. Kama hakuna mtu mzima siku hiyo, kipindi kinahamishwa. Kanuni hiyo inamlinda mtoto na inakulinda wewe, na ikiwa imeandikwa kabla ya kuulizwa, baba kama yule hana haja ya kukuuliza kwa sauti ile.

Shule uliyofundisha iguse kwa uangalifu. Unasema mliagana vizuri. Basi mpigie mkuu wa shule kabla ya kuitaja, umuulize kama mzazi akipiga atathibitisha miaka yako. Akikubali, jina liingie. Akisitasita, andika "sekondari ya binafsi, miaka mitatu", uishie hapo. Hatari ya kutaja bila kuuliza ni kwamba simu inaweza kupokelewa na mtu mgeni asiyekujua, akajibu "huyo hatumfahamu", na wewe hutajua kamwe kwa nini mzazi alinyamaza.

"Matokeo ya uhakika asilimia 100" iondoe. Mtihani anafanya mtoto, na huwezi kuuza ambacho hakiko mikononi mwako. Kilicho mikononi mwako ni utaratibu: kipindi cha kwanza unampa jaribio la maswali kumi kutoka mada za nyuma, unamwonyesha mzazi alipokwama, na kila baada ya vipindi vinane unampa mzazi karatasi moja yenye mada mlizomaliza na zilizobaki. Hiyo unaweza kuiahidi, na mwisho wa mwezi mzazi ataona kama umeitimiza.

Nikiyaweka pamoja, tangazo linaweza kusomeka hivi:

HISABATI NA FIZIKIA, KIDATO CHA 1 HADI 4
Nakuja nyumbani: Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa
Nafasi wazi: Jumanne na Alhamisi, familia mbili
Saa 10 na nusu hadi 12 jioni, au saa 12 na nusu hadi 2 usiku
Naeleza kwa Kiswahili, mazoezi kwa Kiingereza cha mtihani. Vitendo vya Fizikia: grafu na hesabu zake tu, si maabara.
Mwalimu (majina yako mawili), shahada ya ualimu wa Hisabati na Fizikia (mwaka). Miaka mitatu darasani.
Siku ya kwanza naleta vyeti, kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Wazazi wawili wako tayari kuulizwa.
Tunasomea sebuleni, mtu mzima akiwepo.
Simu na WhatsApp: (namba). Tangazo la mwezi huu: (tarehe)

Tarehe usiidharau. Karatasi ya stesheneri hukaa ukutani miezi, na bila tarehe utaendelea kupigiwa kwa nafasi zilizokwisha jaa.

Sasa yale mawili ambayo siwezi kukuamulia. La kwanza ni watoto wa msingi. Hisabati ya darasa la tano hadi la saba unaweza kuifundisha, na huenda wazazi wa huko ni wengi. Ukiongeza kwenye tangazo hili hili "darasa la 5 hadi kidato cha 4", mama wa darasa la tano ataogopa kwamba mwalimu wa Fizikia atamkimbiza mtoto wake, na mzazi wa kidato cha nne atajiuliza kama wewe si mwalimu wa msingi. Unaweza kuandika matangazo mawili, kila moja na watu wake. Shida yake ni kwamba makundi ya wazazi yanaingiliana. Mtu akiona Jumatatu wewe ni wa msingi, Ijumaa ni wa sekondari, tunarudi kwenye "masomo yote". Kama utachagua njia hiyo, tenganisha mahali: la msingi kwenye karatasi za stesheneri zilizo karibu na shule za msingi, la sekondari kwenye WhatsApp. Au ujaze kwanza nafasi mbili za sekondari halafu ufikirie Jumamosi kwa wadogo. Wewe na mke wako mnajua mfuko unaweza kusubiri muda gani.

La pili ni bei. Ukiiandika, utapigiwa simu chache, na wanaopiga watakuwa wameshaikubali. Lakini jirani aliyekuwa tayari kulipa zaidi hatalipa zaidi, na mwenye watoto wawili anaweza kukata tamaa kabla ya kuuliza kama kuna punguzo. Usipoiandika, utajadiliana kila siku, na mtu anayeanza kwa "maelewano" huishia chini. Vyovyote utakavyoamua, fuata hesabu hii: 80,000 kwa vipindi vinane ni 10,000 kwa kipindi. Ukipanda bodaboda ya shilingi 3,000 kwenda na kurudi, imebaki 7,000. Kwa hiyo kama utaandika bei, andika kwa mwezi, taja idadi ya vipindi na urefu wake, na useme nauli imo au haimo. "Kuanzia 50,000" usiiandike kama hakuna anayelipa 50,000. Mzazi atakuja na hiyo kichwani na ataona umemgeuka. Kilicho kibaya kuliko yote ni kile kilichopo sasa, "bei nafuu", kwa sababu kila mzazi anaijaza kwa namba yake mwenyewe.

Kabla hujalituma, lijaribu. Mpe mama mmoja wa mtaani asiye mwalimu alisome kwenye simu kwa sekunde kumi, kisha uichukue simu. Muulize: nafundisha nini, kidato gani, siku gani, na kwa nini uniamini? Akikosa moja, tatizo ni la mstari huo, upandishe juu au uufupishe. Mke wako asiwe ndiye mjaribiwa, anakujua mno.

Karatasi zitoe kwa fotokopi, mbili kwenye A4 moja, herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Printa ya wino wa maji ikinyeshewa, namba yako ya simu ndiyo ya kwanza kuchuruzika, na rangi za kupendeza hufifia juani. Andika namba kubwa kuliko maneno mengine, na mwombe mwenye stesheneri ruhusa ya kubandika ndani kwenye kaunta.

Kisha kwa wiki mbili andika kila simu kwenye daftari: anatoka wapi, kidato gani, somo gani, ameliona tangazo wapi. Simu zitapungua, jiandae, na kaka yako atasema "nilikwambia". Usihesabu jumla, hesabu zile ulizoweza kuzijibu "ndiyo, Jumanne ninayo nafasi". Kama hata hizo ni chache, badilisha kitu kimoja tu, eneo au saa, uangalie tena. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kilifanya kazi.

Zile karatasi za zamani zizungukie stesheneri zote tatu uzitoe mwenyewe. Na namba ya yule baba wa Nyegezi bado iko kwenye simu yako. Barua ya mtaa ikishatoka, mtumie tangazo jipya na salamu, umwambie utafurahi kumletea vyeti avione yeye na mama wa nyumbani, siku watakayochagua wao.